Posho ya Laki na Nusu, Mshahara wa Laki Tatu

Mwaka 2024 nilikuwa intani katika ofisi ndogo ya uhasibu katikati ya Dar es Salaam, na posho yangu ilikuwa Sh150,000 kwa mwezi. Nimeona watu wakiitaja posho kama hiyo kwa namna mbili. Wazazi huko nyumbani husema "mtoto analipwa", na wenzetu waliokwishaajiriwa husema "si haba, unapata uzoefu". Wote hutaja kiasi chenyewe na kuishia hapo. Mimi nilijifunza kukigawa kwa siku 22 za kazi, na kikigawanywa hivyo kinakuwa kama Sh6,800 kwa siku. Hapo ndipo daladala na mama ntilie wanapoanza kuchukua chao.

Nilikuwa naishi Chamazi kwa shangazi, dada yake baba. Kutoka Chamazi hadi Mbagala Rangi Tatu nililipa Sh600, na kutoka Rangi Tatu hadi Posta Sh700. Nauli zilikuwa zimepanda Desemba 2023, na 600 ndiyo ilikuwa ya chini kabisa, kwa hiyo hata kile kipande kifupi cha mwanzo hakikuwa na unafuu. Kwenda na kurudi ni Sh2,600. Zidisha kwa siku 22, utapata Sh57,200.

Hiyo ni nauli ya kwenye karatasi. Aliyewahi kusimama Posta jioni anajua kwamba nauli halisi ina nyongeza zake. Magari ya Mbagala yanafika yamejaa tayari, kwa sababu watu wanayapanda huko nyuma yakiwa bado yanakuja mjini na kugeuza nayo. Ukitaka kiti nawe inabidi ufanye hivyo hivyo: unapanda pale Stesheni, unalipa kama abiria wa kwenda, unazunguka na gari, kisha konda anakugongea sarafu tena kama abiria wa kurudi. Mvua ikinyesha, au bosi akikuambia "malizia hiyo kwanza", unafika Rangi Tatu usiku magari ya Chamazi yakiwa yameadimika, na bodaboda anakuita dada kwa upole huku akikutajia Sh2,000. Na ubavuni mwetu, kwenye Barabara ya Kilwa, njia ya mwendokasi ilikuwa imekamilika, zege jeupe na vituo vipya, bila basi hata moja. Tulikuwa tunaitazama kupitia dirisha la daladala tukiwa kwenye foleni. Nyongeza hizi zote kwa mwezi nilizikadiria kuwa Sh10,000, na sidhani kama nilizidisha.

Chakula cha mchana ni suala jingine. Sahani ya wali maharage kwa mama ntilie wetu ilikuwa Sh2,000, maji Sh500. Wenzangu wenye mshahara walikula wali kuku, soda ikafuata, na mara nyingine waliniita mezani kwao, jambo ambalo ni la ukarimu lakini lina gharama yake, maana siku moja nawe utatarajiwa kuita. Kwa 2,500 kwa siku, mwezi mzima ni Sh55,000.

Sasa toa. Laki na nusu, ukiondoa 57,200 na 55,000, inabaki Sh37,800. Ondoa Sh10,000 za nyongeza ya nauli, Sh10,000 za bando, kwa sababu kazi zilitumwa kwa simu hata Jumapili, na Sh5,000 za michango ya ofisini: leo msiba, kesho mtu anaoa. Nilikuwa nabaki na Sh12,800, kabla sijanunua sabuni.

Ugumu uliokuwa umefichika zaidi ni kwamba posho hulipwa mwisho wa mwezi, na ofisi yetu ilikuwa na tabia ya kuusogeza huo mwisho wa mwezi hadi wiki ya pili ya mwezi unaofuata. Lakini konda halipwi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ili niweze kupokea laki na nusu ya kwanza, nilipaswa kwanza kuwa na zaidi ya laki moja mkononi ya kunifikisha kazini. Sikuwa nayo. Shangazi anauza vitumbua asubuhi mtaani kwake, na yuko kwenye mchezo na wanawake wenzake. Zamu yake ilipofika, alinipa Sh100,000 akasema, "Mwanangu, huu ni mtaji, si sadaka. Ukipata utarudisha kidogo kidogo." Nilikuwa nikimrudishia Sh10,000 kila posho ilipoingia, na mara mbili alikataa kupokea.

Najua intani waliokatisha katikati, na mara nyingi walikatishwa na ule mwezi wa kwanza usio na malipo, wala si udogo wa posho. Mtu anaanza kwa kukopa nauli kwa rafiki, posho inachelewa, rafiki anahitaji hela yake, basi anaanza kuchelewa kazini, halafu kutokuja Jumatatu, mpaka anaitwa mzembe. Ukiwa umepewa nafasi kama hii leo, usiulize tu posho ni kiasi gani. Uliza pia inaingia tarehe ngapi, na muulize intani aliyekutangulia, usimuulize bosi.

Jambo la kwanza lililonipa pumzi lilikuwa kubeba chakula. Linaonekana dogo, na watu wengi hulikwepa kwa aibu, lakini lina ufundi wake. Nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri ili nipate kiti Rangi Tatu bila kuingilia dirishani. Chakula kilichopakuliwa saa hiyo kikiwa cha moto kinafungiwa ndani ya kontena, kinakaa kwenye joto la daladala saa mbili, na ifikapo saa saba mchana kimeshachacha. Kilichopikwa kwa nazi ndicho hutangulia kuharibika. Maharage ya nazi yalinitia hasara mara kadhaa kabla sijajua kwamba tatizo ni tui. Nikahamia kwenye vyakula vikavu: viazi vitamu vya kuchemsha, mihogo, chapati, dagaa waliokaangwa wakakauka, wali mweupe uliopoa kabisa kabla ya kufunikwa. Ofisini kulikuwa na friji ya soda za wageni. Nikamwomba dada wa mapokezi nafasi ya kontena langu, akanipa rafu ya chini.

Nilimpa shangazi Sh1,000 kwa siku kuongeza kwenye sufuria ya jioni, maji nikabeba ya kuchemsha. Kutoka 2,500 hadi 1,000 ni kuokoa Sh1,500 kwa siku, yaani Sh33,000 kwa mwezi. Hela kama hiyo ikikaa kwenye simu haidumu, nilishajijua. Tukaanzisha mchezo wa watu sita, intani watatu na wengine watatu wa ofisi za jirani, kila mmoja Sh30,000 kwa mwezi, na mimi nikaomba zamu ya mwisho. Wenzangu walishangaa, kwa sababu kila mtu anataka ya kwanza. Lakini zamu ya kwanza ni mkopo, ya mwisho ni akiba. Mimi mkopo nilikuwa nao tayari kwa shangazi.

Ilipokaribia zamu hiyo, akapiga simu rafiki yangu tuliyesoma naye chuo. Yuko Makambako, mkoani Njombe, pale zinapokutana barabara ya Mbeya na ile ya kwenda Njombe mjini na Songea. Alikuwa anafanya kazi kwenye duka kubwa la pembejeo za kilimo, na mwenye duka alitaka mtu wa hesabu. Mshahara Sh300,000. Nilipowaambia wenzangu ofisini walicheka. Mmoja akaniuliza kama kweli nitaacha mjini nikauze mbolea kwa laki tatu.

Kazi yangu pale ofisini, kwa bahati, ilikuwa hiyo hiyo ya kugawanya mishahara ya watu. Nilikuwa naandaa orodha za malipo za wateja wetu, nikikokotoa PAYE ambayo lazima iwe imepelekwa TRA ifikapo tarehe 7 ya mwezi unaofuata, na makato ya NSSF. Kwa hiyo nilijua laki tatu si laki tatu. Nilichukua karatasi nikajifanyia mimi mwenyewe kama mteja.

Kwanza NSSF. Mwajiri mwenye utaratibu wa kawaida humkata mfanyakazi asilimia 10, naye huongeza asilimia 10 yake. Kwangu ni Sh30,000, inabaki Sh270,000. Pili kodi. Mshahara unaobaki baada ya mchango wa hifadhi ya jamii ukiwa haujavuka Sh270,000 kwa mwezi hautozwi PAYE, na mimi nilikuwa nimeangukia juu ya mstari wenyewe. Kodi sifuri. Tatu, mkopo wa Bodi, yaani HESLB. Hapa ndipo wahitimu wengi hushtuka wanapoona hati ya mshahara wa kwanza: anayedaiwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na inahesabiwa kwenye laki tatu nzima, si kwenye kinachobaki. Kwangu ni Sh45,000. Mkononi inafika Sh225,000.

Kwa hiyo ulinganisho haukuwa 150,000 dhidi ya 300,000 tena. Ulikuwa 150,000 isiyokatwa kitu, dhidi ya 225,000. Tofauti ya elfu 75, na huku nina kitanda cha bure kwa shangazi, kule nitapanga. Ukiishia hapo, wenzangu walikuwa na haki ya kucheka.

Lakini rafiki yangu alinitumia bei za kwao. Chumba cha kutembea kwa miguu hadi dukani, Sh35,000. Chakula ukijipikia, kule kwenye mahindi, viazi na maharage ya karibu na shamba, Sh80,000 kwa mwezi inatosha mtu mmoja asiyependa makuu. Mkaa Sh15,000, kwa sababu kule kuna baridi na jiko linawaka muda mrefu. Umeme na maji Sh7,000, bando Sh10,000, sabuni na vidogo vidogo Sh15,000. Jumla Sh162,000. Nauli ya kwenda kazini hakuna. Mchana unarudi nyumbani kula. Inabaki Sh63,000.

Elfu 63 dhidi ya elfu 12 na mia nane, nikiweka mchana wa mama ntilie, maana chakula cha kubeba kilitoka kwenye sufuria ya shangazi. Lakini bado nilikuwa sijaweka haki kwenye karatasi, kwa sababu upande wa Dar nilikuwa sijamwandika shangazi. Nikamwandika. Chumba cha Chamazi kama kile nilicholala kilikuwa kinapangishwa Sh40,000. Chai ya asubuhi na chakula cha jioni, nikikadiria Sh2,500 kwa siku, kwa siku 30 ni Sh75,000. Jumla Sh115,000 kila mwezi zilizokuwa zinatoka kwenye vitumbua vya shangazi. Ningejilipia mwenyewe, ningekuwa na upungufu wa zaidi ya laki moja kila mwezi. Nilikaa na ile namba muda mrefu. Ofisi ilikuwa inanipa laki na nusu, na mwanamke anayeamka saa tisa usiku kukoroga unga wa mchele alikuwa anaiongezea ofisi hiyo laki na kumi na tano ili mimi niweze kufika pale. Jina lake halikuwa kwenye kitabu chochote cha hesabu.

Sisemi ofisi ilininyonya. Pale ndipo nilipojifunza usuluhisho wa hesabu za benki, kukaa na taarifa ya benki upande huu na daftari la fedha upande ule na kutafuta kwa nini havilingani. Nilijifunza ritani za VAT za kila tarehe 20, na namna ya kumweleza mteja aliyeghadhibika kwa nini risiti ya mkono haimsaidii kitu. Chuoni nilifaulu mtihani wa mambo hayo bila kuyajua. Na mwenye duka wa Makambako aliponihoji kwa simu, swali lake lilikuwa moja tu: je, naweza kujua hela imepotelea wapi kama mauzo ya siku na hela ya benki haviendani? Nilimjibu kwa mfano wa mteja tuliyekuwa tumemmaliza wiki ile ile. Posho haikuninunulia kitu kikubwa, lakini lile jibu nililipata pale.

Kabla ya kukubali niliuliza maswali mawili ambayo nilikuwa nimeyaona kwenye mafaili ya wateja wetu. La kwanza, kama kuna mkataba wa maandishi. La pili, kama NSSF inapelekwa kweli. Kuna waajiri wanaokata kwenye mshahara na hawapeleki, na mfanyakazi hujua siku anapofuatilia mafao. Kulijua hilo si kazi: nilimwomba rafiki yangu aangalie michango yake mwenyewe kwa simu, mwezi kwa mwezi. Miezi yote ilikuwepo, mmoja ulikuwa umechelewa. Kama isingekuwepo, ile Sh30,000 ningeihesabu kuwa imepotea, na ile nyongeza ya mwajiri ya Sh30,000 ningeifuta kabisa, na labda nisingekwenda.

Kikwazo kilichobaki kilikuwa gharama ya kuanza, ambayo ni ile ile ya mwezi wa kwanza, safari hii kwa sura nyingine. Kodi ya miezi mitatu Sh105,000. Basi na mzigo Sh45,000. Godoro dogo, jiko na vyombo Sh95,000. Chakula na mkaa wa mwezi kabla ya mshahara Sh95,000. Jumla Sh340,000. Mchezo ulinipa Sh180,000. Na hapa ule ucheleweshaji wa posho ulionitesa mwanzoni ukanilipa mwishoni: posho ya mwezi wa mwisho iliingia nikiwa nimeshamaliza kwenda kazini, haina nauli ya kulipa wala mama ntilie anayeisubiri, Sh150,000 nzima. Jumla Sh330,000. Elfu kumi iliyopungua shangazi aliimaliza kwa kunipa sufuria mbili na blanketi, akisema Njombe si pa kwenda na khanga.

Sitaki kuipamba Makambako. Mwezi wa kwanza nililala na soksi na sweta. Msimu wa mvua unapokaribia na wakulima wanapokuja kwa mbolea ya ruzuku, duka linafungwa usiku, na hesabu za ruzuku zina mambo yake: mkulima asiyeonekana kwenye mfumo, namba isiyosoma, mfuko ulioondoka na mwenye kuutaka lakini haukuandikwa. Hakuna malipo ya saa za ziada yanayosemwa kwa jina hilo. Kuna pia upweke wa Jumapili, na marafiki wa Dar wanaoweka picha za ufukweni. Na ile Sh63,000 haikubaki 63,000, kwa sababu kila mtu wa ukoo anajua sasa una mshahara. Mama alinipigia kuhusu ada ya mdogo wangu kabla sijapokea hata mwezi wa pili. Baada ya mama na shangazi, naweka kati ya Sh20,000 na 25,000.

Bado ni zaidi ya nilichokuwa nabaki nacho Dar kabla ya kubeba chakula, na mezani kwangu nakula chakula nilichonunua mwenyewe. Kuna vingine visivyoonekana mkononi: NSSF inapokea Sh60,000 kila mwezi kwa jina langu, yangu na ya mwajiri, na deni la Bodi linapungua Sh45,000. Nikiwa intani deni hilo lilikuwa limekaa vile vile linanisubiri.

Msimu ulipoisha niliomba nyongeza. Nilikuwa nimemwonyesha mwenye duka mifuko ambayo ilikuwa imelipwa kwa simu na hela yake haijafika benki, akakubali kuniongezea Sh30,000. Nilifurahi, kisha nikafanya hesabu kabla ya kumpigia mama. Kwa Sh330,000, NSSF ni 33,000. Inayobaki ni 297,000, imeshavuka mstari kwa 27,000, kwa hiyo kwa mara ya kwanza nalipa PAYE: asilimia 8 ya hizo 27,000, Sh2,160. HESLB inapanda hadi Sh49,500. Mkononi inafika Sh245,340. Katika elfu 30 niliyoongezwa, nitaiona elfu 20 na shilingi 340. Nikampigia mama, nikamwambia wameniongeza elfu 20.